Penseli, Ukuta na Namba ya Kiatu

Penseli ya kawaida ya shuleni ina unene wa karibu milimita 7. Namba za viatu za Ulaya, hizi tulizozizoea za 38, 39 na 40, zinapishana kwa milimita 6.67, yaani theluthi mbili za sentimita. Weka vipimo hivyo viwili pamoja, utaelewa kwa nini mtu anaweza kukanyaga karatasi, akazungushia mguu wake penseli kwa uangalifu wote, akalinganisha na jedwali la duka la mtandaoni, akalipa, na bado kiatu kikafika kinapwaya.

Penseli ikisimama wima, mstari haupiti kwenye ngozi. Unapita katikati ya penseli, na nusu ya unene wake imekaa kati ya mstari na mguu. Nyuma ya kisigino unaongeza milimita 3 na ushee. Mbele ya kidole penseli inagusa pale ilipochongwa, kwa hiyo nyongeza ni ndogo kidogo, tuseme milimita 2. Jumla ni nusu sentimita, karibu namba nzima. Ukiinamisha penseli kuingia chini ya mguu, unakosea kwa upande wa pili. Kisigino cha mtu hakishuki wima kama ukuta. Kinatokeza nyuma zaidi sentimita mbili tatu juu ya sakafu, kisha kinarudi ndani kinapokutana na karatasi. Ncha iliyoinama inafuata sehemu ile ya chini iliyorudi ndani, na mguu unakuwa mfupi kuliko ulivyo. Ndiyo maana watu wawili wakiuchora mguu mmoja, mmoja anaweza kusoma 24.2 na mwingine 25.

Anayetengeneza makatambuga hana shida hiyo. Anakusimamisha juu ya kipande cha tairi, anakuzungushia chaki, na mstari huo ndio anaoufuata kwa kisu. Nyongeza ya unene wa chaki inamfaa, maana kandambili nzuri hutokeza kidogo nje ya mguu. Yeye anahitaji umbo lote: mzunguko wa kisigino, kiuno cha wayo, mteremko wa vidole. Jedwali la mtandaoni halihitaji umbo. Linataka urefu mmoja ulionyooka, kutoka nyuma kabisa ya kisigino hadi ncha ya kidole kinachotangulia. Mikunjo yote mizuri uliyoichora pembeni haitumiki, na ncha mbili ambazo zinatumika ndizo penseli inazozikosea zaidi.

Kwa hiyo, kwa kazi hii, ukuta ni mzuri kuliko penseli. Chukua karatasi ya A4, iweke sakafuni, si juu ya zulia wala mkeka, na upande wake mfupi uguse ukuta bila mwanya. Kama nyumba ina skatingi, karatasi iguse hiyo skatingi, kwa sababu ndiyo kisigino kitakachoigusa. Simama, kisigino kikibana nyuma, mguu ukielekea mbele sambamba na upande mrefu wa karatasi. Uzito wako ugawanyike miguu yote miwili. Aliyekaa kitini hupata mguu mfupi, kwa kuwa mguu ukibebeshwa mwili hujitandaza na kurefuka kwa milimita kadhaa. Mtu mwingine achukue kitu chenye pembe mraba, boksi la dawa ya meno kwa mfano, akisimamishe mbele na kukisogeza taratibu hadi kiguse kidole kirefu zaidi bila kukisukuma. Hapo ndipo apige alama kwenye karatasi, chini kabisa ya boksi. Ukiwa peke yako, lisukume boksi kwa mkono huku umepiga magoti nusu, lakini fahamu kwamba ukiinama uzito unahamia mbele na kisigino kinataka kuachana na ukuta. Ni afadhali kumwita mtoto.

Kidole kirefu zaidi si lazima kiwe gumba. Watu wengi kidole chao cha pili kimepita cha kwanza, na wengine hawajawahi kulitambua hilo kwa sababu viatu vya miaka mingi vimekikunja. Boksi halina habari na mazoea yako. Litagusa kinachotangulia.

Sasa kupima. Badala ya kuweka rula kutoka kisigino, pima kile kipande kilichobaki kutoka kwenye alama hadi mwisho wa karatasi, kisha kitoe kwenye 29.7, maana A4 ina urefu wa sentimita 29.7 kamili. Kipande hicho huwa kifupi, sentimita tano au sita, na kosa la rula kwenye sentimita tano ni dogo. Faida ya pili ni kwamba unakwepa lile kosa la kuanzia mwisho wa rula badala ya kwenye sifuri. Rula nyingi za plastiki zina nafasi tupu ya milimita kadhaa kabla ya sifuri, na futi ya fundi cherehani iliyotumika muda mrefu huwa imevutika. Ukiwa na mashaka, ipime kadi yako ya benki. Kadi za benki duniani kote zina urefu wa milimita 85.6, zaidi kidogo tu ya sentimita nane na nusu. Kifaa kikikupa tofauti na hapo, kitafute kingine.

Fanya hivyo jioni, miguu ikishavimba kwa shughuli za siku, na uvae soksi kama kiatu ni cha soksi. Pima miguu yote miwili. Karibu kila mtu ana mguu mmoja uliouzidi mwenzake, na kiatu hununuliwa kwa mguu mrefu. Ule mfupi unaweza kuwekewa soli ya ziada ndani. Ule mrefu hauna namna.

Mpaka hapa una kipimo sahihi. Viatu vingi vinavyoharibika huharibikia hatua inayofuata, pale namba sahihi inapowekwa kwenye safu isiyo yake. Majedwali ya maduka ya mtandaoni hayapimi kitu kimoja. Mengine yanasema Foot Length, yaani urefu wa mguu wako mtupu. Mengine yanasema Insole Length, urefu wa soli ya ndani ya kiatu. Wauzaji wachache hupima soli ya nje, ambayo haikusaidii chochote, kwa kuwa raba yenye soli nene huweza kutokeza sentimita mbili nje ya nafasi ya mguu. Na mengi hayasemi lolote. Yameandika 39, mbele yake sentimita, basi.

Ili kulisoma jedwali bubu la namna hiyo inafaa kujua 39 yenyewe ni nini. Namba za Ulaya hazipimi mguu. Zinapima kalibu, lile umbo la mti au plastiki linalofanana na mguu ambalo kiatu hushonwa juu yake. Zidisha 39 kwa theluthi mbili, unapata sentimita 26. Huo ni urefu wa kalibu. Mguu unaotarajiwa kuingia humo una kama sentimita 24 hadi 24.5, na kinachobaki ni nafasi ya vidole kusogea unapotembea, kwa kuwa kila hatua mguu huteleza mbele kidogo na kurefuka. Hivyo jedwali likionyesha 39 mbele ya 24 au 24.5, ni la mguu. Likionyesha 39 mbele ya 25.5 au 26, limeshaingiza nafasi hiyo, ni la ndani ya kiatu. Likionyesha 25 kamili, iko katikati, usibahatishe. Uliza.

Viwanda vya China, ambavyo ndivyo vinavyotengeneza sehemu kubwa ya viatu vya mtandaoni vinavyotufikia, vina hesabu yao nyepesi zaidi. Chukua urefu wa mguu kwa sentimita, zidisha kwa mbili, toa kumi. Mguu wa 24.5 unakuwa 39, wa 25 unakuwa 40, wa 26 unakuwa 42. Utalitambua jedwali la aina hii kwa hatua zake, maana kila namba inapanda kwa nusu sentimita kamili. Lile linalofuata hesabu ya Ulaya hupanda kwa 0.6 na 0.7 kwa kupokezana, kwa sababu theluthi mbili haikubali kuandikwa vizuri. Kwa namba za katikati tofauti ya mifumo hii haionekani sana. Ukienda kwenye miguu mikubwa inajitokeza: 45 ya hesabu ya Kichina ni ya mguu wa 27.5, wakati 45 ya Ulaya ina kalibu ya sentimita 30, kwa hiyo mguu wa 28 hadi 28.5 unaingia. Wanaume wanaovaa 44 na kuendelea wanaolalamika kwamba viatu vya mtandaoni "vinakuja vidogo" wana haki, na sababu ni hesabu hii.

Mdogo wangu ni muuguzi Dodoma, na zamu yake ni ya kusimama. Alitaka raba nyeupe. Maisha yake yote amesema anavaa 39. Alipopima kwa ukuta, mguu wa kulia ulikuwa 24.3 na wa kushoto 24.6. Kwenye programu ya kwanza ya simu kulikuwa na safu mbili, EU na Foot Length: 38 kwa 24, 39 kwa 24.5, 40 kwa 25. Mguu wa 24.6 umeipita 39 kwa milimita moja. Wapo watakaosema milimita moja si kitu, na kwa kandambili ni kweli. Lakini raba ya kuvaliwa na soksi saa nane mfululizo hupandishwa, haishushwi. Jibu la jedwali hilo lilikuwa 40.

Raba alizozipenda hazikuwa humo. Zilikuwa kwa dada mmoja wa Kariakoo anayeuzia Instagramu, aliyeandika tu "36 hadi 41". Mazungumzo yao nimeyaona.

"Habari dada, 39 yako ndani ina sentimita ngapi?"

"Ni 39 ya kawaida mpenzi, inakaa vizuri sana."

"Naomba unipigie picha soli ya ndani imewekewa futi juu, ya 39 na ya 40."

Ilikuja jioni, picha mbili, soli zimetolewa nje na futi ya njano imelazwa juu yake. Ya 39 ilisoma 25, ya 40 ilisoma 25.6. Hapo ndipo wengi hukosea. Mguu ni 24.6, soli ni 25, mtu anaona mguu unaingia na chenji inabaki. Lakini milimita 4 hazitoshi kwenye kiatu kilichofungwa mbele. Raba inataka kama sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Kiatu cha wazi kinaridhika na nusu sentimita au chini yake, kwa kuwa vidole havina cha kugonga. Kwa hiyo ilikuwa 40 tena, na safari hii kwa njia nyingine kabisa: mguu, ongeza sentimita moja, tafuta soli ya 25.6.

Angalia jinsi ambavyo angeweza kupotea. Kama angechukua ile 25.6, ambayo tayari imeongezwa, akaenda nayo kwenye jedwali la kwanza la Foot Length, angeambiwa achukue 42. Nafasi ya vidole ingehesabiwa mara mbili, mara moja na yeye na mara moja na kiwanda. Na kama angechukua 24.6 tupu akaipeleka kwenye soli za Kariakoo, nafasi isingehesabiwa kabisa. Mguu ni uleule, vipimo vyote ni sahihi, na kati ya majibu hayo mawili kuna namba tatu nzima. Kanuni ninayoifuata ni hii: jedwali la mguu usiliongezee kitu, jedwali la soli liongezee wewe.

Kabla ya kulipa alifanya jambo moja zaidi, na mimi naliamini kuliko majedwali yote. Alitoa soli ya raba yake ya zamani inayomkaa vizuri akaipima. 25.6. Soli ya kiatu unachokipenda imeshajaribiwa na mguu wako kwa miezi. Tena huwa na alama za vidole zilizodidimia, na umbali kutoka alama ya mbele kabisa hadi ukingo wa soli ndiyo nafasi halisi unayoitumia. Kama soli haitoki, kata ukanda mwembamba wa kadi ngumu, uingize ndani mpaka mwisho, ukate tena hadi ulale bila kukunjika, uutoe upime. Wazee waliotuma watu mjini na kijiti kilichokatwa kwa urefu wa mguu walikuwa karibu sana na jambo hili. Kilichokosekana ni ile nyongeza ya mbele. Usijaribu kukata mchoro mzima wa mguu na kuutumbukiza kwenye kiatu, kwa sababu mguu huvimba juu ya ukingo wa soli. Mchoro utakuwa mpana kuliko soli na utakunjamana hata kwenye kiatu chako mwenyewe.

Namba za Uingereza na Marekani zina shida yake. Hatua moja ya Uingereza ni theluthi ya inchi, milimita 8.47, kwa hiyo haiwezi kulingana na hatua ya Ulaya ya 6.67, na kila kampuni inaziunganisha kwa namna yake. Kwa viatu vya kiume, UK 8 ya Nike imeandikwa kuwa ya mguu wa sentimita 27, wakati UK 8 ya adidas ni ya 26.5. Marekani wanatenganisha wanawake na wanaume kwa namba moja na nusu, kiasi kwamba 8 ya kike ni 6.5 ya kiume, na kwenye matangazo ya raba za mitumba hutajiwa mara chache ni ipi. Ukigeuza ulimi wa raba ukakuta safu ya US, UK, EUR na CM au JP, soma hiyo ya mwisho. CM 25 inamaanisha kiatu kilikusudiwa mguu wa sentimita 25. Si urefu wa soli, kwa hiyo usiiongezee.

Upana ndio mahali ambapo mchoro wa penseli una kazi. Chora kwa kalamu nyembamba ya wino iliyosimama wima, kisha pima mahali papana zaidi, kwenye viungo vya kidole gumba na kidole kidogo. Majedwali mengi hayana safu ya kuupeleka upana huo, lakini unaweza kuulinganisha na soli ya kiatu chako kinachokukaa, kisha na picha ya soli ya kile unachokitaka. Mwenye mguu mpana asitafute nafuu kwa kupanda namba mbili. Kiatu kitakuwa kirefu, mahali pake pa kukunjika patakuwa mbele ya mahali unapokunjika wewe, na kisigino kitachomoka kila hatua. Namba moja juu inavumilika. Zaidi ya hapo badilisha aina, chukua cha kamba au cha ngozi laini. Moka na simpo zenye ncha ni habari nyingine tena. Ile ncha ni sehemu ya soli lakini hakuna kidole kinachofika humo, hivyo soli ya 26.5 inaweza kumbana mtu wa 24.5. Kwa viatu vya namna hiyo na vya mchuchumio, muulize muuzaji kama vinaonewa vidogo na wanunuzi wengine, kwa maana sentimita hazitakwambia.

Kama anayenunua yuko Maskati na mguu uko Tanga, tuma namba iliyoandikwa, si picha ya mchoro peke yake. Picha iliyopigwa kwa kuinamisha simu hurefusha upande mmoja na kufupisha mwingine. Ukitaka kutuma na picha, basi karatasi ya A4 ionekane yote na pembe zake nne, ili mpokeaji aone kama pande zimepinda. Watu huweka kadi ya benki pembeni ili ionyeshe ukubwa. Ni wazo zuri hadi unapokumbuka kwamba umetuma namba za kadi yako kwenye kundi la familia. Vilevile, baadhi ya maduka hutoa jedwali la kuchapisha, lenye mguu uliochorwa tayari ili usimame juu yake. Steshenari nyingi huchapa kwa kuacha mashine ijipimie ukurasa, na mchoro unapungua kwa asilimia kadhaa. Asilimia 4 ya mguu wa sentimita 25 ni sentimita nzima. Mwambie mchapaji achague Actual size au 100%, kisha pima mstari wa majaribio uliopo kwenye ukurasa huo kabla hujausimamia.

Mtoto mpime upya kila unapoagiza, na uandike tarehe kwenye karatasi, maana kipimo cha muhula uliopita kinaweza kuwa kimepitwa. Mkimuambia asimame vizuri atakunja vidole kwa kujitahidi, hivyo mbonyeze kidogo juu ya wayo hadi vilale. Kwenye soli ya kiatu chake cha shule ongeza sentimita moja hadi moja na nusu. Wazazi tunapenda kuongeza mbili au tatu ili kiatu kifike mwisho wa mwaka, na kinafika kweli, lakini kimekunjika katikati na kisigino kimeliwa upande mmoja.

Kifurushi kikifika, usivae kwenda nje. Toa soli ya ndani, isimamie peku kisigino kikiwa nyuma kabisa, uangalie kinachobaki mbele. Ikiwa soli haitoki, vaa, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, uone kama kidole kimoja cha mkono kinapita nyuma ya kisigino. Tembea ndani ya nyumba, juu ya mkeka safi, jioni. Wauzaji wengi hukubali kubadilisha kiatu ambacho soli yake haijaona vumbi, na picha ya soli yenye futi aliyokutumia mwenyewe inasaidia sana mnapoanza kubishana.